UZI: Babu yetu aliitwa "Mfuto", na sisi tumelijua jina hilo siku ya maziko

Mjukuu wa Mtambwe

Assalaam alaykum wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, sitamlaumu.

Babu mzaa baba amefariki mwezi uliopita kijijini kwetu, upande wa Mtambwe, Pemba. Ami yetu mkubwa alipeleka tangazo redioni. Yule wa kuandika matangazo akamuuliza, "Marehemu alikuwa maarufu kwa jina gani?" Ami akajibu kwamba marehemu hakuwa na jina jingine. Likasomwa jina lake na la baba yake na la babu yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na jamaa wa Unguja, Mombasa na Maskati wakatajwa mmoja mmoja.

Sasa kabla ya kuswaliwa, ami akasimama kama ilivyo ada. Akasema anayemdai marehemu aje kwa wanawe, na aliyekosewa asamehe. Haya kanihadithia kaka yangu, mimi nilikuwa ndani na wanawake. Anasema kimya kilikaa kidogo, kisha mzee mmoja mwenye mkongojo akasema kutoka nyuma: "Mie simdai. Ila yupo anomdai Mfuto, nae yuko ndani kwa wanawake."

Vijana wakatazamana. Mfuto ndo nani? Kaka akadhani mzee kakosea maziko. Lakini aliwaangalia wazee wenziwe babu, watatu au wanne waliobaki, akaona wote wameinamisha vichwa, na mmoja anafuta machozi huku anacheka.

Anayedai alikuwa bibi kizee kutoka Micheweni. Alikuja asubuhi na kijukuu chake, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, hakuna aliyemjua. Bibi yetu, ambaye tangu alfajiri hajasema neno, alipomwona akamwambia, "Hata wewe umefika?" Basi bibi alikuwa akijua miaka yote hii.

Nitaendelea jioni, simu haina chaji. Mniambie kwanza nyie mnaelewaje neno "mfuto", maana huku kila mtu ana lake.

Kijana wa Ng'ambo

Mfuto si kufuta? Babu yenu alikuwa akisamehe watu madeni, anafuta daftari. Mbona wazi. Mungu amrehemu.

Dalali wa Konde

Au alifilisika. Huku mtu akiishiwa husema "kafutika". Msichimbe sana mambo ya marehemu, mnaweza kukuta mambo.

Mama Vitumbua

Poleni sana mwanangu. Na mimi nina swali, kwa kuwa mmegusa majina. Baba yangu kwenye karatasi ya eka tatu kaandikwa kwa jina la utani, tena lile la matusi kidogo, na kwenye kitambulisho ana jina jingine. Tumekwama kwenye mirathi. Nyinyi mmefanyaje?

Maalim wa Chake

Bi Mama Vitumbua, hilo si alilouliza, lakini nikujibu. Nenda kwa sheha na wazee wawili watatu waliomjua baba yako kwa majina yote mawili, upate barua, ndipo uende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Usiende mkono mtupu. Na usichelewe, mashahidi wa majina ya utani wote ni watu wa umri wa kufa.

Kuhusu mfuto, Kijana wa Ng'ambo umegusa nusu. Ni kufuta kweli, lakini si daftari. Ni kufuta mdomo wa chombo. Sisi tuliokua na vibaba tunajua: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Lakini ukisema "pishi" tu hujasema kitu. Utaulizwa, ya tele au ya mfuto? Ya tele unaacha kilima juu mpaka zinamwagika pembeni. Ya mfuto unapitisha kijiti au kiganja kwenye ukingo, kilichozidi kinarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu kuitwa Mfuto inaweza kuwa sifa na inaweza kuwa tusi. Inategemea alikuwa upande gani wa chombo, anapokea au anatoa.

Mjukuu, babu yako alifanya kazi gani?

Mjukuu wa Mtambwe

Maalim, umeniweka pabaya pazuri. Nimerudi.

Sisi tulimjua babu kama mwenye duka. Kiduka cha mchele, sukari, mafuta ya taa. Na nitasema ukweli, alijulikana kwa ubahili. Wenye maduka wengine wakikupimia hukuongezea kidogo juu, wanaita "ya mtoto". Babu hata siku moja. Anafuta, anakupa, basi. Sisi wajukuu tulikuwa tunaona haya. Dada yangu mmoja skuli alikuwa akitaniwa, "babu yako anahesabu punje".

Kumbe kabla ya duka, miaka ya 1950, babu alikuwa kijana wa kupimia karafuu kwenye shamba la tajiri mmoja (jina silitaji, ana watu wake). Yule bibi wa Micheweni wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi, kumi na mbili. Kwao ni mawe matupu, mikarafuu haioti kama kwetu, kwa hiyo msimu ukifika wanafunga virago na kuja kuchuma. Mama yake anapanda, yeye yuko chini anashughulika na matawi ya karibu na kuchambua, kutoa karafuu kwenye vikonyo.

Jioni wanapeleka kupimwa, na malipo ni kwa pishi. Babu anajaza pishi ya bati kwa tele. Anaitikisa, anaongeza tena mpaka kilima kisimame. Zinazomwagika zinaanguka juu ya jamvi la shamba, na kilichoanguka juu ya jamvi ni mali ya shamba. Ndiyo sheria aliyopewa na msimamizi, naye aliifuata misimu miwili. Bibi anasema hakuwa mkali, alikuwa akiimbaimba huku anapima.

Jioni moja yule mtoto hakuondoka. Wenziwe walipolipwa, yeye akachuchumaa kwenye jamvi akaanza kuzikusanya zilizoanguka pale walipopimiwa wao tu, hata jamvi halijakung'utwa. Alikuwa na kibaba cha kwao cha kifuu cha nazi. Akahesabu kimoja, viwili, vitatu, vinne. Pishi nzima, na kibaba cha tano hakikujaa. Akamtazama babu akamuuliza, "Hii ya nani?"

Babu hakumjibu. Bibi anasema alikunja jamvi akaondoka.

Kesho yake alikuja na kijiti kilichonyooka, akajaza pishi, akapitisha kijiti juu, zilizozidi akazirudisha kwenye pakacha la mwenyewe. Siku ya kwanza msimamizi alidhani ni mzaha. Ya tatu alifukuzwa. Jina la Mfuto walimpa wapimaji wenziwe, kwa kumcheka. "Yuleee, Mfuto anapita, fichani pishi!"

Kijana wa Ng'ambo

Sikutegemea. Lakini sasa deni liko wapi hapo? Si alijirekebisha?

Mjukuu wa Mtambwe

Ndipo penyewe. Misimu miwili ya tele ilikuwa imekwishapita. Babu aliweka hesabu ya familia alizoweza kuzikumbuka, na alipopata duka akaanza kulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ule wa shida ya chakula, alikwenda Micheweni na mchele, akampimia mama wa yule bibi. Kwa tele. Dukani anauza kwa mfuto, deni analipa kwa tele. Bibi yangu mzaa baba anasema ndiyo maana nyumba yetu haikuwa ikiongezeka na duka lipo, naye walikuwa wakigombana usiku.

Mama yake yule mgeni alikufa kabla hesabu haijamalizika. Ilibaki pishi moja. Babu akaipeleka kwa mtoto, mtoto akakataa kuipokea. Akamwambia, "Hii ibaki, ili uwe unakuja." Babu akawa anakwenda kila mwaka baada ya msimu, sisi tunaambiwa kaenda kununua dagaa.

Basi pale kwenye mkeka akasema mbele ya wanawake wote kwamba pishi ile kaisamehe. Bibi yangu akamwambia, "Umekaa nayo muda mrefu wewe." Sijajua hadi leo lile lilikuwa neno la wema au la wivu.

Mama Vitumbua

La wivu mwanangu. Lakini wa heshima.

Mchuma Karafuu

Mimi nachuma hadi leo, kila msimu, nitasema ambalo wenye mashamba hawalipendi. Mambo hayo hayajakwisha. Pishi ya bati imepotea, sasa unaletewa ndoo ya plastiki, unaambiwa "hii pishi". Nani kaipima? Wengine wanaikata mdomo, na ndoo ikishakatwa huwezi kuijua ilikuwaje.

Na mfuto peke yake haukuokoi. Angalia mkono wa mpimaji kabla hajafuta. Akiipiga ndoo chini mara mbili tatu, karafuu mbichi zinashuka, anaongeza, anashuka tena, ndipo anafuta kwa unyenyekevu kabisa. Umeibiwa na kijiti kimepita. Tukubaliane mapema: haitikiswi, haishindiliwi, inamiminwa na kufutwa.

Dalali wa Konde

Na nyie wachumaji mseme na yenu. Mnaleta karafuu nusu vikonyo, na majani ndani. Mwenye shamba akianika, siku nne tano za jua, vikonyo bado vimo, anafika kituoni kwa Shirika karafuu zake zinashushwa daraja. Tele ilikuwa fidia ya hayo. Babu yenu alikuwa mtu mwema lakini hakuwa na shamba wakati ule, alikuwa mwema kwa mali ya mwenziwe.

Maalim wa Chake

Dalali, hapo mwisho umesema neno la kufikiriwa, silitupi. Lakini fidia ya vikonyo haiingii kwenye pishi. Ukiona mchafu, chota gao moja kutoka katikati ya pakacha, si juu, mwage kwenye ungo mbele yake. Ukikuta vikonyo vingi, mrudishie achambue upya kabla hujapima. Ukichanganya kosa la uchafu na kipimo, aliyechambua vizuri analipia wa ovyo, na kesho naye atachambua ovyo, kwa nini ajisumbue?

Na tunayo Suratul Mutaffifin. Watu huisoma wakimfikiria mwenye duka anayepunguza. Mwanzo wake unamtaja kwanza yule ambaye akipokea kwa watu hutaka kitimie, kisha ndiye huyo huyo anayepunguza akitoa. Babu yako aligeuza pande zote mbili. Alipopokea alifuta, alipolipa alijaza.

Mtu wa Makunduchi

Marehemu mjomba wetu aliitwa Kapteni na hajapanda hata ngalawa. Tulitegemea siku ya maziko tuambiwe siri, hakuna. Alipenda kofia tu. Msichimbe kila jina jamani.

Mjukuu wa Mtambwe

Hahaha, Mtu wa Makunduchi umenichekesha siku mbaya.

Lakini Mchuma Karafuu kanichoma, na sasa niseme lililonileta humu hasa.

Baada ya hitma ya siku ya tatu, kaka alipanda darini dukani akaishusha ile pishi ya babu. Ya bati, mdomo mpana, ina alama ya msumari kwenye ukingo. Msimu ulikuwa umeanza, karafuu mbichi zipo uani. Tukafanya mchezo. Tukachukua kikombe kimoja cha chai. Pishi ikifutwa inaingia vikombe tisa. Ikijazwa kwa tele, kilima kikasimama vizuri maana karafuu mbichi zinashikana, vikawa kumi na moja. Vikombe viwili. Aliyepima pishi kumi kwa siku amepoteza vikombe ishirini, yaani pishi mbili na kitu, kila siku ya msimu.

Tukacheka, tukamtaja babu. Kisha mdogo wangu akaenda kuleta ndoo anayopimia ami kwenye mashamba yetu. Alidhani tunaendelea na mchezo.

Kwa mfuto ndoo ya ami iliingia vikombe kumi na kimoja na nusu. Na ami hafuti.

Hakuna aliyecheka tena. Ami alikuwa amesimama mlangoni. Alisema hayo hayo ya Dalali, vikonyo, majani, wizi wa mtini, bei ya wachumaji imepanda. Kisha akasema ndoo ile alinunua sokoni, hakuikata yeye, aliambiwa ni pishi. Namwamini. Lakini ana misimu sita nayo.

Nauliza wenye elimu: hii ni ya ami peke yake au ni deni la nyumba? Mashamba hayajagawiwa, na babu alikuwa hai misimu yote hiyo, hajui kinachopimwa.

Kijana wa Ng'ambo

Mngemwambia babu akafa kabla ya wakati wake.

Maalim wa Chake

Mimi si kadhi. Ninachojua ni kwamba madeni ya marehemu yanatangulia mirathi, lakini hili kalifanya aliye hai, na faida kama iliingia kwenye mfuko wa nyumba nzima basi nyumba nzima imeila. Nendeni kwa kadhi na maelezo kamili, msiende na nusu ili mpewe jibu mnalotaka. Wachumaji mnaowajua walipwe wenyewe. Msiowajua, na mmewatafuta kweli, ndipo masheikh huambia watu watoe sadaka kwa niaba yao. Kutafuta kwanza.

Mchuma Karafuu

Kutafuta si kazi. Wachumaji hawapotei, wanarudi kila msimu. Ami asimame jamvini aseme. Hilo ndilo gumu, hela si ngumu.

Dalali wa Konde

Misimu sita mtalipa kwa nini, mtauza shamba? Badilisheni ndoo, muombeni Mungu msamaha, basi. Mkianza kutangaza, kila mtu kijijini atakuja kudai, hata ambaye hajawahi kupanda mkarafuu.

Mjukuu wa Mtambwe

Dalali, hayo hayo kasema shangazi. Nyumba imegawanyika. Bibi yuko eda, tulimpelekea neno, akasema tu, "Ndoo iko wapi?" Ikaletwa. Ameikalisha chini ya kitanda chake, ami anapimia pishi ya bati sasa kwa sababu hana nyingine. Hafuti kwa kijiti, anafuta kwa kiganja, na mkono wake mzito, unachota kidogo ndani. Wachumaji wanaona, wanafurahi, hawasemi.

Kuhusu misimu sita, hajasema lolote jamvini. Juzi kaka alimkuta na daftari la zamani la malipo, anaandika majina pembeni kwa penseli. Alipomwona akalifunga.

Mama Vitumbua

Mwacheni aandike. Msimuulize.

Mtu wa Makunduchi

Hivi hitma ya arubaini lini? Na safari hii redioni mtasemaje?

Mjukuu wa Mtambwe

Tangazo limesomwa jana jioni. Ami mwenyewe kalipeleka, na alipoulizwa jina maarufu akasema, "Andika Mfuto."

Usiku nambari ya simu ngeni ikapiga, ya Tanga. Sauti ya mzee, hasikii vizuri, nikawa napiga kelele nyumba nzima ikaamka. Akasema kasikia tangazo la kwanza wala hakujua kuwa ni yeye, lile jina refu halikumwambia kitu. Akauliza, "Huyu Mfuto wa kijiti?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

Kisha akauliza kama ile pishi yenye alama ya msumari bado ipo. Nikamwambia ipo, inatumika. Akasema ule msumari aliupiga yeye, na anakuja na boti ya Jumatano.